Kumbukumbu ya mradi: AO inakula milisekunde, AF inapita karibu bure

Hatua hii ya injini yetu ndogo ya OpenGL inaongeza vitu viwili ambavyo kwenye menyu ya mchezo hukaa jirani: Ambient Occlusion na Anisotropic Filtering. Humu tutaviita AO na AF. AO hukadiria ni kiasi gani cha mwanga wa jumla kinazibwa na vitu vilivyo karibu, ndiyo maana pembe za chumba na nyufa za mawe huwa na giza laini. AF hufanya sakafu inayotazamwa kwa mshazari ibaki na michoro yake badala ya kugeuka uji. Ukiviwasha kwa zamu, cha kwanza kinateremsha fremu waziwazi, cha pili mara nyingi hata hukioni kwenye namba. Sababu iko kwenye namna kila kimoja kinavyosoma memori.

Kupima kwanza

Fremu kwa sekunde ni kipimo kinachodanganya. Kushuka kutoka 200 hadi 120 kunatisha, kushuka kutoka 60 hadi 50 kunaonekana kidogo, ilhali vyote viwili ni gharama ileile ya milisekunde 3.33. Kwa hiyo tunapima milisekunde, tena kwa kila hatua ya uchoraji peke yake, huku usawazishaji wa skrini (VSync) ukiwa umezimwa:

```
glBeginQuery(GL_TIME_ELAPSED, q[i]);
choraHatua();
glEndQuery(GL_TIME_ELAPSED);
```

Jibu la `q[i]` lisisomwe papo hapo. Ukiliita kabla kadi haijamaliza kazi, programu yote inasimama kusubiri, na utakachopima ni kule kusubiri. Weka kama `q` nne na usome ile ya fremu tatu zilizopita. Jambo jingine: kadi isiyo na kazi nyingi hupunguza kasi yake yenyewe, kwa hiyo namba za onyesho jepesi mno hazilinganishiki.

Onyesho la majaribio

Skrini ni 1920×1080. Kamera iko mita 1.6 juu ya ardhi, inatazama mbele sawasawa, na pembe yake ya kuona ni digrii 60 kwa wima. Nusu ya chini ya skrini ni uwanja wa vigae, nusu ya juu ni kuta za mbali zinazoitazama kamera. Tekscha ya vigae ni 1024×1024 na inafunika mita 2, yaani tekseli 512 kwa kila mita.

Mpangilio huu umechaguliwa kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Pikseli moja ikianguka kwenye ardhi iliyo umbali *z*, alama yake, yaani eneo la ardhi inalofunika, inakuwa ndefu kuliko upana kwa uwiano wa *z* gawanya kwa urefu wa kamera. Mita 16 mbele, uwiano ni 10. Upana wa alama ni sentimita 1.7 hivi, karibu tekseli 9, na urefu wake ni sentimita 17, karibu tekseli 88.

AF: nini hasa kinafanyika

Uchujaji wa kawaida wa trilinia haujui alama ndefu. Unachukua upande mrefu, tekseli 88, na kuchagua ngazi ya mipmapu inayoulingana: kati ya ngazi ya 6 na ya 7. Ngazi ya 6 ya tekscha yetu ina tekseli 16 tu kwa upande, ya 7 ina 8. Mita mbili za vigae zimebanwa ndani ya tekseli 16. Hapo ndipo uji unapotoka.

AF inachagua ngazi kwa upande mfupi. Tekseli 9 zinatupeleka ngazi ya 3, yenye tekseli 128 kwa upande, kisha kadi inachukua sampuli 10 zilizopangwa kwa mstari kufuata urefu wa alama na kuzipatia wastani. Ukiweka kikomo cha sampuli kuwa 4 badala ya 16, inachukua sampuli 4 na kulazimika kupanda hadi kati ya ngazi ya 4 na ya 5. Picha inakuwa na ukungu kidogo, lakini bado ni bora mara nyingi kuliko trilinia tupu.

Sampuli kumi badala ya moja zinasikika kama gharama kubwa. Angalia zinaposomwa, hata hivyo. Kwenye ngazi ya 3, sampuli zinazofuatana ziko umbali wa tekseli moja na kidogo, hivyo zinagawana tekseli zilezile. Pikseli ya jirani inasoma papo hapo pia. Na ngazi hiyo yote, ikiwa imebanwa kwa BC1 (nusu baiti kwa tekseli), ni baiti 8,192. Inaenea kwenye kashe ndogo iliyo kando ya kitengo cha tekscha, na memori kuu haiguswi kwa kila sampuli.

Pia namba 16 ni kikomo, wala si kiasi kinachotumika kila mahali. Kwenye onyesho letu, ukingo wa chini wa skrini una uwiano usiofika 2. Uwiano unavuka 16 ndani ya safu 58 tu zilizo chini ya upeo wa macho. Ukijumlisha uwanja mzima, wastani ni kama sampuli 6 kwa pikseli. Kuta za juu, zinazotazama kamera, zinachukua 1. Wastani wa skrini yote hauzidi 4. Na haya yote hufanywa na saketi maalumu kwa amri moja ya `texture()`: sheda haina mzunguko mpya, hakuna hatua mpya ya uchoraji, hakuna picha ya kati ya kuandikwa na kusomwa tena.

Kuiwasha ni mistari michache (OpenGL 4.6, au toleo la zamani lenye kiendelezi `GL_EXT_texture_filter_anisotropic`, ukiongeza `_EXT` mwishoni mwa majina mawili ya ANISOTROPY):

```
GLfloat kikomo;
glGetFloatv(GL_MAX_TEXTURE_MAX_ANISOTROPY, &kikomo);
glTexParameteri(GL_TEXTURE_2D, GL_TEXTURE_MIN_FILTER,
                GL_LINEAR_MIPMAP_LINEAR);
glTexParameterf(GL_TEXTURE_2D, GL_TEXTURE_MAX_ANISOTROPY,
                fminf(16.0f, kikomo));
```

Ikiwa hakuna kilichobadilika, angalia mambo mawili. Je, mipmapu zimetengenezwa kwa `glGenerateMipmap`? Na je, kuna `sampler object` iliyofungwa kwenye kitengo hicho? Ikiwepo, mipangilio ya uchujaji ya tekscha inapuuzwa, na AF inatakiwa iwekwe kwenye hiyo. Njia ya kuona kwa macho ni kupaka kila ngazi ya mipmapu rangi yake: AF ikifanya kazi, mikanda ya rangi inasogea mbali na kamera.

"Karibu bure" ina mipaka yake. Kadi iliyo ndani ya prosesa, inayogawana memori na mashine nzima, huihisi AF 16, hasa tekscha zisipobanwa na uso mmoja ukisoma tekscha tatu au nne. Na usiiweke kwenye tekscha ya mwinuko inayosomwa mara nyingi ndani ya mzunguko wa sheda. Hapo kila sampuli ya ziada inazidishwa kwa idadi ya mizunguko.

AO: kila pikseli inalipa

AO tuliyoandika ni ya aina ya skrini, SSAO, ile iliyojulikana kupitia mchezo wa Crysis mwaka 2007. Kila pikseli inatupa nukta 16 ndani ya nusu tufe kuelekea uso unakotazama, inasoma bafa ya kina mahali kila nukta inapoangukia, kisha inauliza kama kuna kitu kimeitangulia.

Skrini ina pikseli 2,073,600. Zidisha kwa 16, unapata usomaji 33,177,600 kwa fremu moja. Nukta zinazungushwa ovyo kwa kila pikseli ili kuondoa mistari, na hilo linaacha chengachenga, ambazo zinafutwa kwa hatua ya kufifisha ya 4×4: usomaji mwingine 16 kwa pikseli. Jumla inazidi milioni 66 kwa fremu, karibu bilioni 4 kwa sekunde ukitaka fremu 60. Hakuna punguzo la nyuso zinazotazama kamera kama kwenye AF. Ukuta mtupu usio na kona hata moja unalipa sawa na rundo la mawe.

Bado idadi si kosa kubwa zaidi. Kosa ni mtawanyiko. Nusukipenyo chetu ni mita 0.5. Kwa kitu kilicho mita 10, hicho ni pikseli 47 za skrini, na duara lake la bafa ya kina ni kama kilobaiti 28. Sogeza kamera hadi mita 1 kutoka ukutani: nusukipenyo kinakuwa pikseli 468, na duara linafunika zaidi ya megabaiti 2.7. Nukta 16 zilizotawanywa humo hazigawani chochote na jirani zake, kashe haisaidii, na kadi inasubiri memori. Ndiyo maana AO hupanda ghafla mchezaji anaposogelea ukuta, ingawa ukutani hapo hakuna cha kuona. Ongeza kwamba hatua hii haiwezi kuanza kabla kina cha onyesho zima hakijaandikwa.

Tulichopunguza

Kwanza, nusukipenyo cha skrini kimewekewa kikomo cha pikseli 64. Hili peke yake linatibu ule mpando wa ukutani.

Pili, AO inahesabiwa kwenye 960×540: pikseli 518,400, robo ya kazi. Hapa kuna mtego. Unapopunguza bafa ya kina, usichukue wastani wa pikseli nne. Wastani wa ukingo wa meza na ukuta wa nyuma yake ni uso ulioko hewani, usiokuwepo kokote, na utaota kivuli kuzunguka kila kitu. Chagua pikseli moja kati ya nne. Na unapokuza matokeo kurudi 1080, kila jirani apewe uzito kwa ukaribu wa kina chake na pikseli husika, vinginevyo giza la meza litavuja kwenye ukuta.

Ndani ya mzunguko, mistari inayolinda ubora ni hii, `R` ikiwa 0.5 na `bias` 0.025. `P` ni mahali pa pikseli, `S` ni nukta iliyotupwa, na `zKina` ni kina kilichosomwa hapo, vyote kwa mhimili wa kamera inayotazama -z:

```
float d = abs(P.z - zKina);
float uzito = clamp(1.0 - d / R, 0.0, 1.0);
ziba += (zKina >= S.z + bias) ? uzito : 0.0;
```

Ukiondoa `uzito`, mti wa mbele unaweka ukingo mweusi juu ya jengo lililo mita 50 nyuma yake. Ukiondoa `bias`, sakafu bapa inajiziba yenyewe na kupata madoadoa ya kijivu. Na matokeo yazidishwe kwenye mwanga wa jumla pekee; ukizidisha na mwanga wa jua, kona iliyopigwa na jua moja kwa moja inaonekana imepakwa masizi.

Mipangilio ya sasa

AF 16 imewashwa kwa tekscha zote za nyuso, na bafa ya kina na ramani za vivuli zinabaki 1. AO ina viwango vitatu: imezimwa, nusu ukubwa na nukta 8, nusu ukubwa na nukta 16. Kiwango cha ukubwa kamili kimeondolewa kwenye menyu, kwa kuwa baada ya kufifisha tofauti yake na nusu ukubwa ni ndogo, na bei yake ni mara nne. Kinachofuata ni kuitengenezea bafa ya kina ngazi zake za mipmapu, ili nukta za mbali zisome ngazi ndogo, kama walivyofanya McGuire, Mara na Luebke mwaka 2012. Ikikaa sawa, kile kikomo cha pikseli 64 kitaondolewa.