Kidole kimoja kwenye kibonyezo cheusi

Nimetoka mazoezi ya kwaya sasa hivi, hapa Area C. Bado nasisimka.

Wimbo ulikuwa ki ya C, yaani C ndiyo sauti yake ya nyumbani. Kiitikio tumeshakiimba mara tatu, sikio limekizoea.
Kabla ya mara ya mwisho, mpiga kinanda akabonyeza A7, sauti nne kwa pamoja.

Mle ndani kuna C iliyopandishwa nusu hatua, kile kibonyezo cheusi, sauti ambayo wimbo mzima haikusikika. Inavuta kwenda D kama chafya inayotaka kutoka.

Akaishikilia.

Tukatua D. Maneno yaleyale, ila kila sauti imepanda hatua nzima na koo linakaza. Nadhani nusu ya msisimko ni huko kukaza.

(Dada mmoja wa soprano alikwama huko juu, tukacheka.)

Wewe wimbo gani ukipanda hivyo lazima uongeze redio?