Chuya tisa

Oktoba 2018 nilifanya intavyuu ya utunza stoo kwenye ghala moja la mbegu na mbolea pale Morogoro. Ilikuwa Jumanne, nikatoka mule saa sita mchana najiona nimeshapita kabisa, afu kufika jioni mawazo yakaanza, yale ya mbona yule mzee wa pembeni hakuandika kitu nilipokuwa naongea, mbona yule mama aliangalia saa. Nilikuwa na miezi saba sina kazi, nakaa kwa mamdogo Kihonda, nakula kwake nalala kwake, kwahiyo kichwa hakikuwa na nafasi ya kutulia.

Saa nane usiku nikaamka nikaandika imeili ya kuwashukuru. Jamaa yangu mmoja alishaniambia ofisi nyingi wanapenda ukiwashukuru baada ya usaili, sa mimi nikaona hapohapo nimalizie na mengine yote ambayo sikuyasema. Ikaja ndefu mpaka unashusha skrini mara nne. Nikabonyeza kutuma, haikwenda, bando limeisha. Ikabaki kwenye drafti, nikalala nimenuna.

Asubuhi nikamkuta mamdogo uani na ungo wa mchele mapajani. Shikamoo, marahaba baba, mbona macho mekundu hivo? Nikamweleza. Mamdogo alifanya kazi masjala miaka 19, barua za waomba kazi zote zilikuwa zinapita mkononi mwake kabla hazijamfika bosi, yaani anazijua kama anavyojua mchele wa Kyela kwa harufu. Akaniambia, isome kwa sauti, nisikie kama atakavyosikia huyo unayemwandikia.

Nikaanza. "Shikamoni wakubwa zangu, poleni na majukumu mazito ya kulijenga taifa. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni yule kijana mliyemfanyia usaili siku ya jana, naomba kuwashukuru kwa unyenyekevu mkubwa na naomba radhi kwa usumbufu huu..." Nikaendelea hivohivo, nikafika kwenye miezi saba bila kazi, kwenye wadogo zangu wawili wanaonitegemea, kwenye naomba sana mnitazame kwa jicho la huruma, mkinipa nafasi hii sitawaangusha Mungu ni shahidi. Mamdogo hakunikatisha hata mara moja. Ila nikaona kila baada ya muda anachukua chuya moja anaisogeza ukingoni mwa ungo. Nilipomaliza akazihesabu kwa kidole. "Naomba tisa," akasema. "Na samahani nne. Umewakosea nini watu hawa?"

Nilicheka lakini iliniuma, kwasababu nilipokuwa naisoma kimoyomoyo usiku nilikuwa naiona ni heshima tupu. Kwa sauti ilikuwa ni mtu amepiga magoti. Na hapo ndo pagumu pa Kiswahili chetu, kuomba na kuheshimu vinakaa nyumba moja, shule tumefundishwa barua ya kazi iwe na naomba na unyenyekevu na wako mtiifu, kwahiyo mtu unajidhalilisha ukidhani una adabu. Mamdogo akasema shikamoo niliwapa mlangoni siku ile, inatosha, nikiirudia kwenye barua ya kazi najigeuza mtoto wao na wao wanatafuta mtu wa kumkabidhi funguo za stoo.

Tukaanza kufuta. Alikuwa ananiuliza swali moja tu kwa kila sentensi, hii inamhusu yeye au inakuhusu wewe? Miezi yangu saba bila kazi, futa. Wadogo zangu, futa. Alisema huruma haimsaidii anayeajiri, inampa mzigo, sasa hata akitaka kukunyima lazima ajisikie vibaya, na mtu hapendi kukaa karibu na anayemfanya ajisikie vibaya. Nikasema basi niweke kwamba mimi ni mchapakazi, mwaminifu, najituma. Akakunja uso. "Hayo kila barua inayo, mwenye uwezo hajitangazi, anagusa kazi. Walikuuliza nini kigumu?"

Nikakumbuka. Yule mzee aliyekuwa haandiki aliniuliza mbegu za mahindi zinazobaki stoo mpaka muda wake unaisha ningefanyaje, nikamjibu kwa haraka kwamba zinazokaribia kuisha muda zitoke kwanza, basi. Sikumwambia kwamba kazini kwangu pa zamani tulikuwa tunabandika karatasi ya rangi kwenye kila rundo la mifuko, kila mwezi na rangi yake, hata kibarua asiyesoma lebo anajua aanzie wapi. Mamdogo akapiga paja, sa hiyo ndo barua yenyewe!

Neno lililotuchelewesha ni moja dogo tu. Mimi niliandika mkinipa nafasi, akasema hapo bado unakinga mkono. Nikageuza nikija kazini nitaanza na hilo, akasema hapo nako umeshaingia ndani bila hodi. Tukaja kukubaliana nikipata nafasi, ambayo haiombi wala haijigambi. Ilibaki hivi:

"Habari za asubuhi. Asanteni kwa muda wenu jana na kwa kunionyesha ghala linavyofanya kazi. Nimeendelea kufikiria swali la mbegu zinazoisha muda. Nilikokuwa tulibandika karatasi ya rangi kwa kila mwezi kwenye rundo, hata asiyesoma lebo alijua pa kuanzia. Nikipata nafasi ningependa kuanza na hilo. Nasubiri majibu wiki ijayo kama mlivyosema. Asanteni."

Chini jina na namba ya simu, juu kwenye kichwa nikaandika Shukrani, usaili wa mtunza stoo, Jumanne. Anwani nikaweka ya yule dada aliyeniita kwenye intavyuu, kwa jina lake, siyo kwa yeyote anayehusika. Inasomeka bila kushusha skrini. Nikanunua bando la jero nikaituma saa tatu na nusu asubuhi. Mamdogo alisema ile ya saa nane usiku hata ingekuwa na maneno mazuri, saa yenyewe ingeshanisema, maana kwenye imeili saa inaonekana.

Wiki iliyofuata kuanzia Jumatatu nikawa nachungulia simu kila dakika, kimya. Alhamisi nilitaka kuandika tena, mamdogo akakataa, walisema wiki ijayo na wiki haijaisha, ukiuliza kabla hawajachelewa unadai deni ambalo halijaiva. Ijumaa ikapita. Tukaacha Jumatatu ipite pia, watu wanakuwa na viporo vya wikendi. Jumanne asubuhi nikaandika mistari miwili nikijibu hukohuko kwenye ile ya kwanza ili wasianze kunitafuta mimi ni nani: "Habari za kazi. Naulizia usaili wa mtunza stoo umefikia wapi, bado niko tayari kuanza." Nilikuwa nimeandika samahani kwa usumbufu mwanzoni, nikaifuta mwenyewe kabla hata sijamwonyesha.

Jibu lilikuja saa kumi jioni, niko Msamvu nasubiri daladala. Nafasi ya Morogoro walishampa mtu wao wa ndani. Moyo ukashuka mpaka kwenye viatu, nikataka kuzima simu, ila kulikuwa na mstari wa pili. Yule mzee anauliza kama naweza kwenda Makambako miezi mitatu ya msimu, stoo ya kule ina mbegu za mwaka jana zimechanganyika na mpya na hakuna anayejua zipi ni zipi.

Nikampigia mamdogo, nikamsomea yote pale stendi huku kondakta anapiga kelele. Akanyamaza kidogo afu akauliza, "Umeshajibu?" Nikasema bado. "Jibu fupi," akasema, "na usiseme Mungu awabariki mpaka wakulipe."