Maombi 340, nafasi 2 za mtunza ghala Kampala: jinsi tulivyochuja

Tatizo lilijitokeza kwenye alama: bahasha zilizosomwa asubuhi zilipata nyingi, za jioni chache, ingawa sifa zililingana. Msomaji akichoka, mkono wake hukaza.

Tulianza upya kwa kuwapa waombaji namba badala ya majina, kwa sababu nchini Uganda jina la ukoo mara nyingi humtaja mtu kabila. Kisha tulichanganya mpangilio kwenye Excel:

```
=RAND()
```

Safu hiyo hubadilika kila ukigusa jedwali, kwa hiyo inakili na kuibandika kama thamani tupu kabla ya kupanga.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa ndiyo au hapana tu: cheti cha kidato cha sita, UACE, na miaka 2 ya kazi ghalani. Walibaki 61. Hao walisomwa na watu wawili kila mmoja kivyake, kwa alama 20, mmoja akianzia juu, mwingine chini. Wakitofautiana zaidi ya alama 4, msomaji wa tatu aliamua. Tukaita 18.

Usaili ulichukua dakika 30, na 10 za kuandika alama kabla ya kumwita mwingine. Kuanzia saa tatu asubuhi, ukitoa saa moja ya chakula, watu 9 humalizika saa kumi. Wanaotoka Arua, Gulu na Kabale walipewa nafasi za kuanzia saa tano, maana basi likichelewa njiani, aliyepangwa saa tatu amekwisha kushindwa. Nafasi zilizobaki tulizigawa kwa kura.