Wiki kwanza, kisha siku, saa mwisho: nilivyoingia kwenye Bitkoini Februari 2024

Tarehe 23 Januari 2024 Bitkoini ilishuka hadi karibu dola 38,500, na barazani pale Mkunguni, Lamu, jamaa yangu mmoja akanihimiza, "Uza ulicho nacho bwana, soko limekwisha!" Ushauri huo ulinikera. Alikuwa ameshika chati ya 1H tu, na mshumaa wa saa moja, yaani alama inayoonyesha bei ilivyokwenda ndani ya saa hiyo, hauwezi kukwambia kama soko limekwisha.

Mimi nilifungua 1W, chati ya wiki. Bei ya chini ya katikati ya Desemba ilikuwa juu kidogo ya 40,000. Bei ilipenya hapo katikati ya wiki, lakini mshumaa wa wiki hufungwa usiku wa manane Jumapili kwa saa za UTC, yaani saa tisa usiku kwetu, kuamkia Jumatatu. Sikai macho kuusubiri. Nautazama baada ya swala ya alfajiri, ukiwa umeshafungwa. Jumatatu ile ulikuwa umefungwa karibu na 42,000, umebaki utambi mrefu tu kwa chini, ule mstari mwembamba unaoonyesha bei iliposhuka kisha ikarudi. Mwelekeo wa wiki bado ulikuwa wa kupanda, kwa hiyo nikawa natafuta kununua tu, si kuuza.

Kununua lini, hilo ni swali la 1D, chati ya siku. Tarehe 30 bei ilifika karibu 43,800, halafu ikarudi chini kidogo ya 42,000. Waliorukia mshumaa wa kijani wa saa siku ile walitolewa kwa hasara, ilhali kwangu ndipo picha ilipokamilika: bei ya chini mpya ilikuwa juu ya 38,500. Nilichokuwa nangojea ni siku ifungwe juu ya 43,800. Hizo namba mbili niliziandika kwenye karatasi kabla ya kugusa 1H, maana ukishaanza kutazama saa, macho huona kile moyo unachokitaka. Kisha nikaweka kengele ya bei kwenye simu, nikaenda zangu.

Tarehe 7 Februari siku ilifungwa juu ya 44,000. Hapo tu ndipo nilipofungua 1H. Sikununua kileleni, nilisubiri bei itulie, kisha mshumaa wa saa ufungwe juu ya ule uliotangulia, nikaingia karibu na 44,500. Kikomo cha hasara, yaani agizo la kuuza lenyewe bei ikishuka, nilikiweka 42,500, chini ya bei za chini kabisa za siku mbili zilizopita. Hapo nahatarisha dola 2,000 kwa kila Bitkoini nzima, nami nilinunua kipande ambacho kikomo kikiguswa napoteza asilimia 1 ya akiba yangu. Na kama siku ingefungwa tena chini ya 43,800, ningetoka bila kungoja kikomo, kwa sababu mpenyo wa namna hiyo huwa wa uongo.

Shabaha ilikuwa 49,000, kilele cha Januari, siku moja baada ya ETF za Bitkoini, mifuko ya uwekezaji inayouzwa kwenye soko la hisa, kuidhinishwa Marekani. Bei ilipita hapo tarehe 12 Februari, na agizo langu la kuuza likajijaza lenyewe.