Nilivyofanya IELTS mara tatu kwa sababu ya insha

Chuo nilichoomba kilitaka wastani wa 7.0 kwenye IELTS, mtihani wa Kiingereza, na hakuna sehemu iliyo chini ya 6.5. Mara ya kwanza nilipata kusikiliza 7.5, kusoma 7.0, kuandika 6.0 na kuzungumza 7.0. Ukijumlisha ni 27.5, ukigawa kwa nne ni 6.875, na IELTS huikaribisha hiyo kwenye 7.0. Wastani nilikuwa nao. Kilichonikwamisha ni kuandika peke yake.

Nilikasirika, na siku hiyohiyo nikalipia tarehe nyingine, wiki tatu mbele. Wiki hizo nilizimaliza kwa kufanya mitihani ya majaribio kila jioni, sehemu zote, kana kwamba nimefeli zote. Matokeo yakaja: kusikiliza 8.0, kusoma 6.5, kuzungumza 7.0, na kuandika 6.0 ileile.

Niliyaweka matokeo yote mawili mezani, na hapo nikaelewa jambo ambalo ningelielewa mapema lingeniokolea ada. Kusikiliza kulipanda nusu na kusoma kukashuka nusu, wala uwezo wangu haukuwa umebadilika kiasi hicho kwa wiki tatu. Kila moja ya sehemu hizo ina maswali 40, na tofauti ya nusu alama huwa maswali machache tu. Ukikosa nusu kwenye kusoma au kusikiliza, huku mazoezi yako ya nyumbani yakikupa alama unayotaka, unaweza kurudia baada ya wiki chache na ukafika. Lakini 6.0 iliyojirudia kwenye kuandika haikuwa bahati mbaya. Ndiyo iliyokuwa kiwango changu.

Kurudia sehemu moja tu kunaruhusiwa katika baadhi ya vituo, ndani ya siku 60 tangu mtihani wa awali, lakini chuo changu hakikupokea matokeo ya namna hiyo. Ilibidi nirudie wote.

Safari hii sikulipia kwanza. Nilimtafuta mwalimu anayesahihisha kwa vigezo vinne vya IELTS: kujibu swali, mpangilio, msamiati na sarufi. Nikampa insha mbili nilizoandika kwa dakika 40 kila moja. Swali la kwanza lilitaka nijadili pande mbili kisha nitoe maoni yangu. Alisoma, akapiga mstari chini ya aya ya tatu, akaniuliza: "Upande wa pili uko wapi? Umeutaja kwa sentensi moja, ukauacha." Halafu akaanza kuzungushia duara kila mahali nilipokosea "a" na "the". Zilikuwa duara 19 katika insha ya maneno 270. Kiswahili hakina maneno hayo, na mimi nilikuwa nayaweka kwa kusikilizia tu. Majaribio niliyokuwa nikiyafanya jioni yasingenionyesha hata kosa moja kati ya hayo, kwa sababu hakuna aliyekuwa akisahihisha insha zangu.

"Nirudie lini, Mwalimu?" nilimuuliza.

"Usiniulize mimi, ziulize insha zako. Zikikupa 6.5 mara tatu mfululizo, kwa maswali usiyowahi kuyaona na kwa saa, nenda kalipie."

Nikahesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mwisho ya kutuma maombi. Nilikuwa na wiki 16. Nikatenga nne za mwisho ziwe akiba, kwa ajili ya kusubiri matokeo na kwa jaribio jingine likihitajika. Zilizobaki zikawa za insha: tatu kwa wiki, moja ikienda kwa mwalimu, na kila iliyosahihishwa nikaiandika upya nzima. Huko kuandika upya ndiko kulikonisogeza. Mwezi wa kwanza sikutazama saa kabisa, maana nikiharakishwa nilirudia makosa yaleyale. Kusoma na kusikiliza nilivipa jaribio moja moja kwa wiki ili visishuke, na seti tatu za majaribio nikazifungia kabisa. Swali ulilokwisha kulifanya hukupa alama ya kukudanganya.

Wiki ya sita duara zilikuwa 11, na alama bado 6.0. Nilitamani sana kulipia hivyohivyo, nikajizuia. Wiki ya nane nikapata 6.5, ya tisa 6.0 tena, kwa hiyo nikaanza kuhesabu upya. Wiki ya kumi, ya kumi na moja na ya kumi na mbili zikatoka 6.5 zote, kwa maswali ya zile seti nilizozifungia. Nikalipia jioni hiyo, mtihani wa kompyuta, tarehe ya karibu kabisa niliyoipata.

Kusikiliza 7.5, kusoma 7.5, kuandika 6.5, kuzungumza 7.0. Maombi niliyatuma zikiwa zimebaki siku tisa.