Dagaa wa Igombe walivyopotea kwenye weupe, na nilivyowarudisha kabla ya LUT

Mwezi uliopita nilipiga video fupi Igombe, kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa walitaka kitu cha dakika tatu cha kuwatumia wanunuzi wa jumla, na nikaamua kupiga kwa logi, yaani picha iliyofifishwa makusudi ili ibebe mwanga mkali na kivuli kwa pamoja, kwa sababu pale ufukweni saa nne asubuhi mwanga ni wa kikatili. Mchanga unawaka, dagaa wanametameta kama vipande vya kioo, halafu hapohapo kuna mama ameinama kajitanda kanga na uso wake uko kivulini. Picha ya kawaida lazima ipoteze kimoja. Kwa hiyo nikaweka Sony yangu kwenye PP8, yaani S-Log3 na S-Gamut3.Cine, ISO 500 maana kamera yangu kwenye S-Log3 haishuki zaidi ya hapo, kioo cheusi mbele ya lenzi, na nikazidisha mwanga makusudi mpaka mita ikasoma +1.7. Kuzidisha huko kuna sababu. Kamera yangu inarekodi biti 8 na vivuli vya S-Log3 kwenye biti 8 vina chengachenga mbaya sana ukivipiga kwa mwanga halisi, ukivipa mwanga wa ziada wakati wa kupiga vinatoka safi.

Jioni mama mwenyekiti akaomba aone kwenye laptopu. Nikamfungulia klipu ikiwa bado mbichi. Akaangalia kimya, akasema, "Mwanangu, mbona tumekuwa kama tumepakwa majivu?" Nikamwambia mama hii bado haijapikwa, nipe siku mbili. Kweli futeji ya logi ikiwa mbichi inaonekana hivyo, nyeusi si nyeusi, nyeupe si nyeupe, kila kitu kimekusanyika katikati.

Nikaingia DaVinci Resolve, programu ninayoeditia, kule Color, nikaweka LUT ya kugeuza logi kuwa picha ya kawaida, ile ya `SLog3SGamut3.CineToLC-709TypeA` ambayo imo tayari kwenye folda ya Sony, nikategemea picha isimame. Ikasimama kweli kwenye kontrasti, ila dagaa wote wakawa kitambaa kimoja cheupe. Huoni dagaa mmoja mmoja, huoni ule mng'ao wa fedha, na mama aliyekuwa juani paji la uso limemeremeta mpaka rangi ya ngozi haipo. Nikafanya kile ambacho mkono unakimbilia kufanya, nikaongeza nodi, yaani hatua nyingine ya marekebisho, baada ya LUT nikashusha Gain. Dagaa wakashuka lakini wakawa kijivu, bado kitambaa kimoja, sasa kichafu.

Hapo ndo nikafungua Waveform, grafu ya kiasi cha mwanga kwenye picha, na kuangalia kwa utulivu, na picha ilijieleza yenyewe. Juu kabisa kulikuwa na utepe mwembamba, dagaa wote wamebanwa humo, na nikishusha Gain utepe unashuka mzima mzima bila kupanuka. Ukiona hivyo ujue tofauti zile zilibanwa kwenye LUT, na chochote unachofanya baada yake unahamisha tu kile kilichobanwa. LUT ni jedwali, inapokea namba fulani inatoa namba fulani, haijui kwamba wewe ulizidisha mwanga. Aliyeitengeneza alidhani kijivu cha asilimia 18 kinaingia kikiwa karibu na 420 kwenye kipimo cha 0 mpaka 1023, na kitu cheupe cha asilimia 90 kinaingia kikiwa karibu na 598. Vyangu vilikuwa vinaingia juu sana ya hapo, kwenye ile sehemu ya jedwali ambayo inabana mwanga mkali kwa makusudi.

Sasa swali likawa nishushe kiasi gani. Sikuwa na kadi ya kijivu siku ile. Lakini katibu wa kikundi alikuwa na daftari lake la mizani, kalifungua juani anaandika kilo, na karatasi nyeupe ya daftari iliyoelekea jua ni kitu cheupe cha kutosha kupimia. Nikaizima nodi ya LUT kwa `Ctrl+D`, hii ni muhimu maana Waveform inaonyesha picha ya mwisho na ukisahau LUT ikiwa imewaka utasoma namba zisizo za logi, nikatafuta pale karatasi ilipo, ikawa inasimama 730 hivi. Inatakiwa 598. Tofauti 132. Na kwenye S-Log3, ukishatoka kwenye vivuli vizito, kila stopu moja, yaani mwanga ukiongezeka mara mbili, ni takriban 79, kwa hiyo 132 ni kama stopu moja na sehemu saba, ileile +1.7 niliyoiona kwenye mita. Nilifurahi sana kuona hesabu inakutana na kamera namna ile, maana ilinipa uhakika kwamba tatizo ni mwanga na si kwamba nimekosea LUT.

Basi nikaongeza nodi kabla ya LUT kwa `Shift+S`, nikashika Offset nikashusha taratibu huku macho yako kwenye Waveform mpaka karatasi ikakaa karibu na 600. Nimechagua Offset kwa sababu kwenye logi kushusha kila kitu kwa kiasi kilekile ni karibu sawa na kufunga lenzi. Gain hapa ingevuta juu zaidi kuliko chini na kontrasti ingebadilika kabla hujafika hata kwenye LUT. Nikaiwasha LUT. Dagaa wakarudi! Mmoja mmoja, na macho yao, na vivuli vidogo kati yao. Ile taarifa ilikuwepo kwenye faili muda wote.

Ila angalia chini pia, usishangilie juu tu. Mtumbwi uliokuwa nyuma ya chanja, chini yake palikuwa na kivuli, sasa pakawa shimo jeusi tii. Sababu ni kwamba nyeusi tupu ya S-Log3 inakaa kwenye 95, na hiyo haipandi hata ukizidisha mwanga vipi, giza ni giza. Kwa hiyo ukishusha picha nzima kwa 130, vile vilivyokuwa karibu na 95 vinakwenda chini ya sifuri na LUT haina jibu la chini ya sifuri. Nilichofanya, kwenye nodi ileile ya kwanza nikaenda kwenye magurudumu ya Log, nikapandisha Shadow peke yake mpaka sehemu nyeusi kabisa ya Waveform ikarudi kwenye 95 hivi, LUT ikiwa imezimwa. Mbao za mtumbwi zikaonekana tena.

Mpaka hapo ni vipimo. Baada ya hapo nikafunika Waveform na kuanza kuangalia kwa macho, na hii sehemu ilinichukua muda mrefu kuliko yote.

Cha kwanza weupe wa rangi. Nilijaribiwa kuchukua dagaa kama kipimo cha nyeupe, ni wengi, wako katikati ya picha, wanang'aa. Usifanye hivyo. Dagaa mbichi ana fedha yenye ubluu kidogo na akianza kukauka anaelekea dhahabu, ukimlazimisha awe mweupe kamili unaiba rangi ambayo mnunuzi anaitumia kujua kama amekauka vizuri. Nikarudi kwenye karatasi ya daftari, nikahakikisha kwenye Parade nyekundu, kijani na bluu ziko usawa mmoja pale ilipo karatasi, na marekebisho hayo nikayafanya kwenye nodi ya kabla ya LUT. Dagaa wakajipanga wenyewe, chanja la jana lina udhahabu, la asubuhi lina fedha, na tofauti inaonekana wazi.

Cha pili uso wa mama aliye kivulini. Kivuli cha ufukweni kinapata mwanga kutoka angani, kwa hiyo ngozi inavuta ubluu, na LUT ikiongeza rangi ule ubluu unaongezeka. Kwenye Vectorscope, grafu ya duara ya rangi, kuna mstari wa ngozi, na ngozi nyeusi nayo inalala kwenye mwelekeo uleule, ila haiendi mbali kutoka katikati. Watu wengi wanaona iko karibu na katikati wanadhani rangi haitoshi, wanaongeza Saturation, na mtu anakuwa rangi ya chungwa. Mimi niliongeza ujoto kidogo kwenye vivuli kwenye nodi ya baada ya LUT, nikasimama pale ambapo ile sehemu inayong'aa kwenye shavu bado ilikuwa na ubaridi kidogo wa anga. Mng'ao huo ukiutia ujoto wote uso unakuwa kama wa plastiki.

Cha tatu ziwa. Ziwa letu upande huu lina ukijani, na karibu na mchanga lina ukahawia. Sikulisukuma kwenda bluu, mtu wa Mwanza akiona maji ya bluu ya Zanzibar Igombe anajua umedanganya, na akijua umedanganya maji atajiuliza na dagaa.

Macho yenyewe yanadanganya kwa njia yao. Ukikaa na picha yenye unjano kwa dakika kumi unaizoea na unaanza kuiona sawa. Kwa hiyo kila nikibadilisha kitu cha maana nilikuwa natoka nje barazani naangalia miti na ukuta kama dakika mbili, narudi, na sekunde zile za kwanza ndo nilikuwa naziamini. Na nilizima balbu ya njano ya chumbani, mwanzo niliediti nayo ikiwaka na asubuhi klipu zote zilikuwa na unjano.

Klipu za jioni nilikosea kidogo. Nilinakili gredi ya asubuhi nikaibandika kwenye zote, zikawa giza totoro. Jioni ile mwanga ulikuwa umepungua na nilipiga kwa mita kwenye sifuri, hakukuwa na stopu 1.7 za kushusha. Nikaacha LUT na nodi ya mwisho kama zilivyo, nikarudisha Offset ya nodi ya kwanza mahali pake na ile Shadow pia, nikaweka sawa weupe, basi.

Klipu moja iliniziba njia kabisa, anga la machweo, nikiongeza kontrasti kidogo tu mawingu yanatoa mikanda, ngazi ngazi badala ya kufifia taratibu. Hiyo ni biti 8, rangi hazitoshi kunyoosha namna hiyo, na hakuna nodi ya kuzirudisha. Nikapunguza kontrasti mpaka mikanda ikapotea kwenye simu, maana wanunuzi wataangalia kwenye simu, na anga likabaki limepoa kidogo kuliko nilivyoliona siku ile.

Jumamosi nikarudi Igombe na faili. Mama mwenyekiti akaishika simu kwa mikono miwili, akaivuta karibu pale kwenye dagaa, akamwita katibu, "Njoo uone, hili chanja la jana, na lile pale la asubuhi."