Kukabidhi stoo: nondo 14 zisizoonekana

Leo nimemaliza sehemu kubwa ya hati ya makabidhiano ya stoo yetu ya vifaa vya ujenzi hapa Changamwe, na kijana anayechukua nafasi yangu ameshinda nami tangu asubuhi, yeye akihesabu na mimi nikiandika. Nilimtaka ahesabu yeye kwa sababu idadi atakayoiwekea saini inafaa iwe imepita mikononi mwake. Kabla hatujaanza tulifunga dirisha la kutolea bidhaa, na vocha zote tulizojua kuwa bado hazijaingizwa kwenye kadi tuliziingiza kwanza, maana ukihesabu huku bidhaa zinatoka, jioni utabaki na tofauti ambayo hakuna awezaye kukueleza ilikotoka.

Kwa kila bidhaa nimeandika idadi iliyopo sakafuni, idadi iliyo kwenye kadi, na sababu ya tofauti ikiwa ipo. Misumari, waya wa kufungia, rangi na mabomba vililingana, na sitavizungumzia zaidi. Nondo za milimita 12 ndizo zilizotuchukua muda: kadi ilisema 412, nasi tulipata 398. Kijana aliniuliza, kwa heshima, "Mzee, si tuandike 398 kwenye kadi tuendelee?" Nilimwambia kwamba akifanya hivyo tofauti ya nondo 14 itakuwa imefichwa chini ya jina lake, na siku wakaguzi watakapoifukua yeye ndiye atakayeulizwa.

Shaka yangu ya kwanza ilikuwa kwenye mzigo wa mwisho wa tani 3, kwa kuwa muuzaji hutuuzia kwa uzito ilhali sisi tunatoa kwa idadi, na karani huandika kwenye kadi idadi aliyoipata kwa kugawanya. Hesabu yenyewe si ngumu: zidisha kipenyo kwa kipenyo kisha gawanya kwa 162, utapata kilo za mita moja. Kwa nondo ya 12 ni 144 kugawanya kwa 162, yaani kama kilo 0.89, na nondo nzima ya mita 12 inakuwa na kilo 10.66 hivi, kwa hiyo tani 3 ni takriban nondo 281. Ikiwa nondo zilizokuja ni nzito kuliko kipimo, tani zile zile 3 zitakuwa na nondo chache, na kadi itaonyesha zaidi ya kilichopo bila mtu yeyote kuiba. Tulichukua kipande kutoka mzigo ule, tukakikata mita moja kamili, tukakipima kwenye mizani ya misumari. Kikawa kilo 0.89. Uzito ulikuwa sawa, na kwenye hati ya kupokelea mzigo tukakuta nondo zenyewe zilihesabiwa langoni zikawa 281. Tofauti haikutoka kwa muuzaji.

Ndipo tulipozirudia vocha za kutolea, moja baada ya nyingine, hadi tukaifikia moja ya wikendi iliyoandikwa "vipande 28, mita 6". Fundi mkuu alihitaji nusu nondo kwa ajili ya ngazi, msaidizi wa zamu akamkatia, na kwa kuwa kadi haina safu ya nusu, vocha ilibaki kwenye faili bila kuingizwa. Vipande 28 vya mita 6 ni mita 168, na mita 168 ni nondo 14 kamili. Tumeiandikia hati ya marekebisho yenye namba ya vocha ile, tukatia saini sote wawili, na kadi ya zamani haikufutwa hata tarakimu moja. Kwenye hati ya makabidhiano nimeongeza kwamba nondo zitolewe nzima tu, zikakatwe kwa fundi, na mabaki yanayorudi yawe na kadi yao ya mita. Pasipo hivyo tofauti hii itarudi kila mwezi.

Oda zilizo wazi ni chache, lakini moja inanitia wasiwasi. Tuliagiza mifuko 300 ya saruji ya kilo 50, lori likaleta 180, nasi tukaandika 180 kwenye hati ya kupokelea na kwenye nakala ya dereva. Hata hivyo ankara iliyofika ofisini ni ya mifuko 300. Karani wa malipo anatakiwa kuweka karatasi tatu pamoja, oda, hati ya kupokelea na ankara, na kulipa tu kile ambacho zote zinakubaliana, lakini wakati wa haraka ankara hulipwa kwa kutazamwa peke yake. Nimemwandikia kijana kwamba mifuko 120 bado inadaiwa chini ya oda ile ile, na kwamba itakapokuja isipokelewe kama mzigo mpya, wala ofisi isishauriwe kuagiza mingine kwa kudhani saruji imeisha.

Mahali itakapopangwa ndilo tatizo la kweli la stoo hii. Ukuta wa upande wa kusini huvuja tangu masika yaanzapo, na upepo wa kusi huleta unyevu ndani hata siku isiyo na mvua. Nimekuwa nikipanga mifuko juu ya mbao, sentimita 30 kutoka ukutani, isiyozidi kumi kwenda juu, na ya zamani ikikaa upande wa mlango ili itoke kwanza. Wabebaji wa mizigo hupenda kushusha mpya mbele kwa sababu ni karibu, na hapo ndipo ya zamani inapofungiwa nyuma mpaka inapita miezi mitatu na kupungua nguvu.

Nilimwonyesha pia kwamba si kila mfuko mgumu umeharibika. Ule wa chini kabisa huwa mgumu kwa sababu ya kubanwa, na ukiubiringisha sakafuni mara chache hulegea. Lakini ukifungua ukakuta madonge yasiyovunjika kwa vidole, hiyo imeshakunywa maji na haifai kwa zege la nguzo. Mifuko tisa ya namna hiyo nimeitenga kwenye kona, nikaihesabu kando na mifuko mizima 164, na inasubiri saini ya mhandisi ili iondolewe vitabuni. Asikubali kuichanganya na mingine hata fundi akisema ataitumia kwenye sakafu ya nje, mpaka saini hiyo ipatikane.

Yapo pia ya kukumbuka kuhusu mitungi ya oksijeni, ambayo si mali yetu bali ya muuzaji, na tumeiwekea amana. Karatasi ya amana inasema mitungi 9. Stoo ina mitatu iliyojaa na mitano mitupu, na mmoja uko kwenye eneo la kazi la Likoni kwa hati ya lango ambayo nimeibandika nyuma ya kadi. Mtungi mtupu usiorudishwa unatugharimu amana yake, kwa hiyo uhesabiwe sawa na uliojaa.

Jumatatu asubuhi tutapita tena pamoja kwenye nondo na saruji, meneja akiwa shahidi, kisha nitamkabidhi funguo. Simu yake ya kwanza baada ya hapo iwe kwa muuzaji wa saruji, kuomba tarehe ya mifuko 120 kwa maandishi, na ya pili iwe kwa karani wa malipo, kumsomea namba ya hati ya kupokelea kabla ankara ile haijaingia kwenye malipo ya mwisho wa mwezi.